Shajara ya mradi: vituo vinne ndani ya kipindi cha dakika 80

Darasa la mradi huu lina wanafunzi 32, somo ni hisabati, na mada ni kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Wanafunzi wanagawanywa makundi manne yanayopokezana vituo vinne vya kazi, kimoja kikiwa meza ya mwalimu. Lengo ni kwamba kila mwanafunzi apate dakika 15 za kukaa na mwalimu akiwa na wenzake saba tu, huku wengine 24 wakifanya kazi ya maana bila kumwita. Hilo "bila kumwita" ndilo lililokula sehemu kubwa ya kazi iliyoandikwa hapa.

Siku ya 1. Jaribio la dakika 40

Mpango wa kwanza ulikuwa vituo vinne ndani ya kipindi kimoja cha kawaida. Kwenye karatasi hesabu ilikubali: dakika 5 za kufungua, 5 za kufunga, mihamo mitatu ya dakika 2 kila mmoja, zinabaki 24, yaani dakika 6 kwa kila kituo.

Dakika 6 hazitoshi. Mbili za mwanzo huishia kwenye kusoma maelekezo na kugawana vifaa, na moja ya mwisho huenda kwenye kupanga vitu, kwa hiyo kazi yenyewe inapata dakika 3. Tena mihamo haikuwa ya dakika 2. Wa kwanza ulikaribia dakika 4, wa pili ulipita hapo, na zamu ya nne haikufanyika kabisa. Kundi lililokuwa limepangiwa meza ya mwalimu zamu ya mwisho halikumfikia.

Kosa la pili lilikuwa kubwa kuliko la muda. Kituo cha mazoezi kilikuwa na maswali ya mada mpya, 1/2 + 1/3 na mengine ya aina hiyo. Kundi lililoanzia hapo lilikuwa bado halijafundishwa. Mikono ikapanda, mwalimu akaondoka kwenye meza yake kwenda kuwasaidia, na kundi lake mwenyewe likabaki linamsubiri. Ukitaka kujua kama kituo kinajitegemea, weka karatasi kwenye meza ya mwalimu na upige mstari mmoja kila anapoitwa au kila anaponyanyuka. Zamu ya kwanza ilikuwa na mistari 11, na tisa kati yake ilitoka kituo cha mazoezi.

Siku ya 2. Hesabu ya muda imepangwa upya

Tumehamia kipindi pacha cha dakika 80. Mgawanyo sasa ni huu: dakika 8 za kufungua, zamu nne za dakika 15, mihamo mitatu ya dakika 2, na dakika 6 za kufunga. Jumla yake ni 80 kamili, na hakuna dakika ya akiba. Mhamo mmoja ukichelewa, dakika zilizopotea zinatolewa kwenye zamu hiyo hiyo inayofuata, si kwenye ile ya mwisho. Vinginevyo kundi la zamu ya nne ndilo litakalolipa deni la darasa zima.

Mwalimu ambaye hana kipindi pacha asijaribu kubana zamu nne kwenye dakika 40. Afanye mbili leo na mbili kesho: 5 za kufungua, zamu mbili za dakika 14, mhamo mmoja wa dakika 2, na 5 za kufunga. Hapo vifaa vinabaki kwenye bahasha zake hadi kesho, na makundi mawili yanamfikia mwalimu kila siku.

Siku ya 3. Nini kiende kituo gani

Kanuni tuliyoifikia ni hii: kitu kipya kinafundishwa kwenye meza ya mwalimu peke yake. Vituo vingine vitatu vinabeba kazi ambayo darasa lilishafundishwa na bado inahitaji mikono. Sababu ni ya kimpangilio tu. Katika mzunguko, kila kituo kina kundi linaloanzia hapo, kwa hiyo hakuna kituo kinachoweza kudai kwamba mwanafunzi awe amepita kwingine kwanza.

Kwa kujumlisha sehemu zenye asili tofauti, kazi ya nyuma yake ni sehemu zilizo sawa na kulinganisha sehemu. Vituo vikawa hivi:

Vifaa: kufunika sehemu moja kwa vipande vya aina nyingine.
Mwalimu: kujumlisha sehemu zenye asili tofauti.
Mazoezi: kujaza kiasi kinachokosekana kwenye sehemu zilizo sawa.
Mchezo: kulinganisha sehemu kwa kadi.

Vifaa vyenyewe vinastahili maelezo, kwa sababu kipimo chake kimerahisisha kila kitu kilichofuata. Utepe wa urefu wa sentimita 24 unagawanyika bila baki kwa 2, 3, 4, 6, 8 na 12. Nusu inakuwa sentimita 12, theluthi 8, robo 6, sudusi 4, thumuni 3, na sehemu moja ya kumi na mbili ni sentimita 2. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo inatoa tepe saba za upana wa sentimita 3 bila kutupa kitu pembeni. Na saba ndizo zinazohitajika kwa seti moja: kizima, nusu, theluthi, robo, sudusi, thumuni, na kumi na mbili. Seti ikishakatwa ina vipande 36.

Wanafunzi wanane hufanya kazi wawili wawili, hivyo kituo cha vifaa kinataka seti nne. Meza ya mwalimu nayo inataka nne pamoja na moja yake ya kuonyeshea, na jumla ni tisa. Tulitumia manila za rangi saba, rangi moja kwa kila asili. Manila moja ya ukubwa wa A4 hutoa tepe saba za rangi yake, kwa hiyo manila 7 hutoa seti 7, na 14 hutoa seti 14. Hizo tano zinazozidi si hasara, maana vipande vya sentimita 2 hupotea kila siku.

Tahadhari moja kwenye ukataji. Usipime kipande, ukakikata, kisha ukapima kingine kuanzia pale ulipokata. Kosa la milimita 1 kwa kila kipande likirudiwa mara 12 ni milimita 12, zaidi ya nusu ya kipande chenyewe. Mwanafunzi atapanga vipande vyake kumi na viwili juu ya kizima, ataona haviishii pamoja, na atakuwa na haki ya kukataa unachomfundisha. Laza rula mara moja, weka alama zote kuanzia sifuri (2, 4, 6 na kuendelea hadi 24), ndipo ukate. Karatasi nyepesi ya kawaida haifai, hujikunja na kupeperuka mtu akipita karibu.

Siku ya 4. Kadi za maelekezo na namba ya kuhakiki

Kadi za kwanza zilikuwa na aya nzima. Wanafunzi hawakuzisoma. Walitazama jirani anafanya nini, na kama jirani amekosea, meza nzima ikakosea. Kadi mpya ni nusu ya A4, ina hatua zisizozidi nne, kila hatua inaanza na kitenzi, na mstari wa mwisho unasema la kufanya ukimaliza. Kadi ya kituo cha vifaa inasomeka hivi:

> 1. Chukueni bahasha moja, watu wawili.
> 2. Wekeni kipande cha 1/2 mezani. Kifunikeni chote kwa vipande vya rangi moja.
> 3. Andikeni kila njia mliyopata, kwa mfano 1/2 = 2/4.
> 4. Rudieni kwa 1/3, kisha 3/4.
>
> Mkimaliza: tafuteni rangi ambayo haiwezi kufunika 1/2. Andikeni kwa nini.

Majibu ya nusu ni 2/4, 3/6, 4/8 na 6/12. Theluthi inafunikwa na 2/6 na 4/12, na robo tatu na 6/8 na 9/12. Lile swali la mwisho ndilo linalowatenganisha wanaoona na wanaobahatisha. Theluthi haziwezi kufunika nusu: kimoja ni sentimita 8, viwili ni 16, na nusu ni 12.

Kituo cha mazoezi kilileta shida ya majibu. Karatasi ya majibu ikiwekwa mezani, inanakiliwa. Isipowekwa, mwanafunzi anamaliza hajui kama amepata, na anainuka kwenda kuuliza. Tulichoweka badala yake ni namba ya kuhakiki. Maswali ni sita:

1/2 = ?/6, 2/3 = ?/12, 3/4 = ?/8
1/6 = ?/12, 5/6 = ?/12, 1/4 = ?/12

Kadi inasema: jumlisha majibu yako matatu ya mstari wa juu, upate 17, ya mstari wa chini, upate 15. Hakuna cha kunakili, ila mwanafunzi anajua papo hapo kama kuna kosa na liko mstari gani. Mwanzoni tulikuwa na namba moja kwa maswali yote sita (32), lakini kutafuta kosa kati ya sita kulichosha na wengi wakaacha. Kati ya matatu wanatafuta. Udhaifu wake ni kwamba makosa mawili yanaweza kufidiana, mtu akazidisha moja hapa na kupunguza moja pale. Hutokea mara chache, na huonekana karatasi zikikusanywa.

Mstari wa "ukimaliza" kwenye mazoezi: tunga maswali matatu ya aina hii ambayo majibu yake yakijumlishwa yanafika 20. Hiyo haimaliziki haraka, na ndiyo sifa tunayoitafuta kwa mstari huo. "Ukimaliza kaa kimya" ni mwaliko wa fujo.

Siku ya 5. Kadi za mchezo

Sehemu zote zilizo chini ya kizima zenye asili 2, 3, 4, 6, 8 na 12 ni 29. Ukiongeza kadi moja ya kizima unapata 30, na kila mchezaji anachukua 15. Kila mmoja anafunua kadi moja, mwenye sehemu kubwa anazoa zote mbili. Zikiwa sawa, kama 2/4 na 6/12, kila mmoja anafunua nyingine juu yake na mshindi anazoa zote nne. Jozi nne, pakiti nne, kadi 120 kwa jumla. Kuzikata kunachosha lakini ni mara moja.

Ubishi hauepukiki. Nani mkubwa kati ya 5/8 na 7/12? Kwa jaribio la kwanza ubishi wa aina hii ulimfikia mwalimu mara nne. Dawa yake imekuwa mstari wa sentimita 24 uliochorwa kwenye manila ndefu na kubandikwa mezani. Thumuni ni sentimita 3, kwa hiyo 5/8 iko kwenye 15. Sehemu moja ya kumi na mbili ni sentimita 2, kwa hiyo 7/12 iko kwenye 14. Rula inaamua, na wanaobishana wanajifunza wenyewe njia ya kulinganisha kwa kubadili zote mbili kuwa kitu kimoja.

Mchezo usio na maandishi huwa mchezo mtupu. Kila jozi sasa inaandika milinganisho mitano kwa alama za < na >, na angalau mmoja uwe ule walioubishania.

Siku ya 6. Makundi na mpangilio wa zamu

Makundi hayapangwi kwa kukaa karibu wala kwa urafiki. Siku moja kabla, dakika 5 za mwisho wa kipindi, kila mwanafunzi anajibu maswali matatu kwenye kikaratasi: moja la sehemu zilizo sawa, moja la kulinganisha, na moja la mada mpya ambalo bado halijafundishwa, hapa 1/2 + 1/3. Vikaratasi vinapangwa mafungu mezani. Waliopata mawili ya kwanza na kulikaribia la tatu wanakuwa fungu moja. Walioshindwa hata sehemu zilizo sawa wanakuwa fungu jingine, na waliobaki wanagawanywa mara mbili kwa aina ya kosa. Majina ya makundi ni maumbo, na yanabadilishwa kila mara pamoja na wanaounda kundi. Kundi likidumu na jina lile lile wiki tatu, watoto wanalijua maana yake kabla ya mwalimu kulitamka.

Hapa ndipo tulipopata faida ambayo hatukuwa tumeipanga tangu mwanzo. Njia ya mzunguko ni Vifaa, Mwalimu, Mazoezi, Mchezo, kisha kurudi Vifaa:

| Kundi | Zamu 1 | Zamu 2 | Zamu 3 | Zamu 4 |
|---|---|---|---|---|
| Duara | Mwalimu | Mazoezi | Mchezo | Vifaa |
| Pembetatu | Vifaa | Mwalimu | Mazoezi | Mchezo |
| Nyota | Mchezo | Vifaa | Mwalimu | Mazoezi |
| Mraba | Mazoezi | Mchezo | Vifaa | Mwalimu |

Makundi matatu kati ya manne yanatoka kwenye vifaa moja kwa moja kuja kwa mwalimu, mikono yao ikiwa bado inakumbuka kwamba nusu ni sudusi tatu. Ni Duara peke yake linaloanza kwa mwalimu bila kupita huko, kwa hiyo Duara ni lile fungu linaloweza zaidi. Zamu ya kwanza ndiyo ambayo mwalimu husumbuliwa sana hata mambo yakiwa yamepangwa, na kundi hilo linavumilia usumbufu. Wenye shida kubwa ni Pembetatu: wanapata vifaa kwanza, kisha mwalimu zamu ya pili, darasa likiwa limetulia na wao hawajachoka. Kuwaweka zamu ya nne kwa kuwa "wanahitaji muda" ni kuwapa dakika zilizo dhaifu kuliko zote.

Siku ya 7. Meza na mihamo

Mwalimu anakaa mgongo ukutani, uso kwa darasa. Wanafunzi wa meza yake wanalipa darasa kisogo. Ilikuwa kinyume siku ya 1, na kila kicheko kutoka kituo cha mchezo kiliwageuza wanane wote kwa pamoja. Mchezo uko kona ya mbali kabisa. Mazoezi, ambayo ndiyo kazi ya kimya, yako jirani na mwalimu.

Tulipouchunguza mhamo wa dakika 4 tuliona unaliwa na mambo matatu. Watu walihama na mabegi na viti. Walipanga vifaa vya kituo baada ya ishara ya kuhama badala ya kabla yake. Na makundi mawili yalikutana uso kwa uso kwenye njia moja kati ya madawati.

Sasa kinachohama ni mtu, penseli na karatasi yake. Viti na mabegi havisogei. Wote wanazunguka upande mmoja, kama mshale wa saa. Ishara ni tatu. Kengele moja dakika 2 kabla ya mwisho wa zamu: malizieni sentensi, rudisheni vipande kwenye bahasha. Kengele mbili: simameni nyuma ya viti. Hapo mwalimu anatazama meza nne, na meza isiyopangwa haiondoki. Kengele tatu: tembeeni. Tuliufanyia mazoezi mhamo peke yake, bila kazi yoyote mezani, mizunguko miwili kamili. Mhamo wa mwisho wa mazoezi hayo ulichukua sekunde 50. Katika kipindi halisi unakuwa mrefu zaidi, lakini unaingia ndani ya dakika 2.

Pale madawati yalipokazwa sakafuni au njia ni finyu, kinachohama ni sinia. Kila kituo kinakuwa kwenye sinia au boksi lenye kadi, bahasha na penseli za akiba, na kinara wa kundi analipeleka kwa kundi linalofuata. Mwalimu anahama na ubao wake mdogo. Anapoteza ile nafasi nzuri ya kuona darasa lote, kwa hiyo kila anapokaa achague kiti cha pembeni mwa kundi, si cha katikati.

Siku ya 8. Kipindi kamili, meza ya mwalimu kwa karibu

Dakika 15 za mwalimu zina mgawanyo wake. Ya kwanza si ya kufundisha. Kundi linafungua bahasha na kuandika swali, mwalimu amesimama anatazama vituo vingine vinaanza. Akikaa mara tu kengele inapolia, ataitwa ndani ya sekunde 30.

Kisha linakuja 1/2 + 1/3. Kabla ya kugusa kipande, kila mmoja anaandika anachodhani. Katika Pembetatu, watano kati ya wanane waliandika 2/5: wamejumlisha kiasi kwa kiasi na asili kwa asili. Mwalimu hasemi ni kosa. Anawaambia waweke kipande cha nusu na cha theluthi mstari mmoja, kichwa kwa mkia. Urefu ni 12 na 8, yaani 20. Swali linalofuata: 2/5 ya sentimita 24 ni ngapi? Ni 9.6. Nusu peke yake ni 12. Mtu ameongeza kitu na jibu limekuwa dogo kuliko alichoanza nacho. Hapo wengi wanafuta wenyewe.

Sasa wanatafuta rangi moja itakayofunika zile sentimita 20 bila kubaki wala kuzidi. Thumuni hazikubali, sita ni 18 na saba ni 21. Sudusi zinakubali, tano. Mmoja akaja na vipande vya kumi na mbili, kumi, na akabishiwa na jozi ya pili yake. Zote mbili ni sahihi, 5/6 na 10/12, na kwa kuwa kituo cha vifaa kilishawaonyesha sehemu zilizo sawa, ubishi huo uliisha bila mwalimu kuingilia. Kwa nini sudusi ndizo zinazokubali kwa vipande vichache zaidi? Kwa sababu 6 ndicho kigawe kidogo cha shirika cha 2 na 3. Neno hilo linatajwa hapa, dakika ya 9 au 10, vipande vikiwa mezani, si mwanzoni.

Dakika 4 zinazofuata kila mmoja anafanya peke yake 1/4 + 1/6. Urefu ni 6 na 4, yaani 10, na vipande vya kumi na mbili vitano vinatosha: 5/12. Anayemaliza anafanya 1/3 + 1/4 bila vipande, kwa kuandika tu, kisha anathibitisha kwa vipande kwamba ni 7/12. Dakika ya mwisho mwalimu anaandika alama tatu kwenye orodha: anaweza bila vipande, anaweza kwa vipande, bado. Asiandike maelezo marefu, kengele ya pili inakaribia.

Mistari ya kuitwa kwa zamu nne: 3, 1, 1, 2. Utaratibu wa kuuliza ulisaidia. Soma kadi tena, muulize mwenzako, kisha kinara aandike swali kwenye kikaratasi na kukisimamisha katikati ya meza. Mwalimu anavijibu katika ile dakika ya kwanza ya zamu inayofuata. Mstari mmoja wa zamu ya kwanza ulikuwa wa penseli iliyovunjika. Kila kituo sasa kina penseli mbili za akiba zilizochongwa.

Siku ya 9. Karatasi za safari zinasema nini

Kila mwanafunzi ana karatasi moja ya A4 iliyokunjwa mara mbili ikapata vyumba vinne, chumba kimoja kwa kila kituo. Zinakusanywa dakika za kufunga. Tunazisoma kwa njia tatu, na ni kazi ya dakika 20 hivi.

Kwanza kwa kituo. Chumba cha mchezo kilikuwa na milinganisho miwili au mitatu badala ya mitano, makundi yote manne. Kasoro ikijirudia kwa wote, kituo ndicho kibovu: kadi ilisema "andikeni milinganisho mitano" kama hatua ya mwisho, na hakuna anayeufikia mwisho wa mchezo. Tumeipeleka hatua ya pili, kwamba baada ya kila kufunua mara tatu waandike mmoja.

Kisha kwa kundi. Nyota lilikuwa na vyumba viwili vyenye maandishi ya mtu mmoja yaliyonakiliwa hadi neno. Kasoro ya kundi moja tu katika vituo vingi ni suala la nani amekaa na nani. Jozi mbili zimetenganishwa.

Mwisho kwa zamu. Zamu ya nne ilikuwa na maandishi machache kuliko nyingine bila kujali kituo. Sehemu yake ni uchovu. Nyingine ni kwamba kengele ya dakika 2 ilifasiriwa kama mwisho wa kipindi na watu wakaanza kufunga mabegi. Zamu ya nne sasa haina kengele ya kwanza, mwalimu anaitangaza kwa sauti.

Siku ya 11. Yaliyobaki mezani

Wanafunzi wanne hawakuwapo siku ya 8. Watatu walikuwa kundi moja, likabaki na watu watano. Tumeliacha lilivyo, maana kuhamisha watu kati ya makundi asubuhi ya kipindi kunavuruga jedwali na mafungu ya makosa kwa pamoja. Waliokosa wataingia meza ya mwalimu kipindi kijacho na kundi lililo karibu na kosa lao.

Vipande vilivyopotea baada ya vipindi viwili ni 17, na 14 kati yake ni vya sentimita 2. Kila bahasha sasa imeandikwa nje "36", na kengele ya kwanza ni ya kuhesabu.

Mada inayofuata ni kutoa, na seti hizi zinaendelea kufaa: vipande vinawekwa juu ya vingine badala ya kichwa kwa mkia. Ila kitabu cha darasa kina maswali ya tano na kumi, na 24 haigawanyiki kwa 5. Utepe unaobeba asili zote hizi pamoja na thumuni ungekuwa wa sentimita 120, na hakuna meza ya kuuweka. Tunakata seti ya pili ya sentimita 20 kwa asili 2, 4, 5 na 10: vipande vya sentimita 10, 5, 4 na 2. Vipande vya sentimita 4 na 2 vitakuwepo kwenye seti zote mbili, kila kimoja kikiwa na maana mbili tofauti, kwa hiyo seti mpya itakuwa na rangi zake na bahasha zake, na hazitawekwa kwenye boksi moja.